Barua ya Kuahirisha Harusi

Kadi za michango zimeshagawiwa, ukumbi umelipiwa kishika nafasi, na kamati ya harusi inakutana kila Jumapili jioni. Wakati huohuo mchungaji, aliyekaa na wachumba hao kwa wiki kadhaa katika mafundisho ya ndoa, ameona kwamba hawako tayari. Anaweza kuwaita ofisini akawaambia, na lazima afanye hivyo kwanza. Lakini wakitoka hapo watarudi kwa wazazi, kwa mshenga na kwa mwenyekiti wa kamati, na kila mmoja atataka kujua mchungaji kasema nini hasa. Hapo ndipo barua inapohitajika, na ni barua ngumu kuiandika.

Kanisa lina utaratibu wa zamani wa kuchunguza ndoa kabla haijafungwa. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza ndoa zitangazwe mapema ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze. Mpaka leo makanisa mengi ya Tanzania hutangaza ndoa Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla. Matangazo hayo hufaa kwa mambo yanayojulikana mtaani: kwamba bwana harusi ana mke kijijini, au kwamba wachumba ni ndugu. Deni la siri, au hofu ya msichana kwa mchumba wake, hakuna muumini atakayesimama kuvitaja. Vitu hivyo huonekana kwenye mafundisho, kama mwalimu anajua kuuliza.

Tuchukue mfano uliotungwa kutokana na mambo yanayojitokeza mara kwa mara. Wachumba wawili wanatarajia kufunga ndoa Jumamosi ya tarehe 26 Septemba. Katika kipindi cha tatu mchungaji anaacha kuwahoji pamoja, anamwita kila mmoja peke yake na kuwauliza maswali yaleyale: mnadaiwa nini, mtaishi wapi, nani atashika mshahara wa nani. Alikuwa ameshaona kitu. Walipokuwa pamoja, binti alimtazama mwenzake kabla ya kujibu, na mara mbili alisema, "Muulize yeye."

Akiwa peke yake, kijana anakiri kwamba alichukua mkopo wa kausha damu, na kiwanja kile watakachojenga ndicho kilichowekwa rehani. Mchumba wake hajui. Mchungaji anampa wiki moja amwambie mwenyewe, na wiki inapita kimya. Binti naye anasema mambo mengine: kadi yake ya benki anayo kijana, simu yake hukaguliwa kila jioni, na anaogopa kuuliza mambo ya fedha. Anaomba asitajwe.

Sasa mchungaji ana siri mbili, moja ya kila upande, na barua moja ya kuwaandikia wote. Akitaja mkopo, amemvunjia kijana siri yake. Akiandika kwamba kuna hofu kati yao, kijana atajua nani kasema, na anayeogopa ataadhibiwa nyumbani kwa sababu ya karatasi iliyokusudiwa kumsaidia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya barua hii ni kwamba iandikwe kana kwamba itasomwa na kamati nzima, kwa sababu mara nyingi husomwa kweli. Mtu huipiga picha, picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la harusi, na ndani ya saa moja mhazini na mashangazi wote wanayo.

Baada ya kuwaeleza ana kwa ana, mchungaji wa mfano wetu angeandika hivi: "Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kama tulivyozungumza Jumanne, ndoa yenu haitatangazwa Jumapili hii, na ibada ya tarehe 26 Septemba imeahirishwa. Haijafutwa. Uamuzi huu ni wangu. Yapo mambo ambayo ninyi wawili hamjayazungumza hadi mwisho, na ningewakosea kama ningewafungisha ndoa kabla hamjafanya hivyo. Nitamwona kila mmoja wenu peke yake kwa wiki nne. Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba tutakaa tuangalie tulipofika. Wazazi na kamati wakiuliza, waambieni mchungaji ameomba muda zaidi wa mafundisho. Nikiulizwa, nami nitajibu hivyohivyo."

Neno "wangu" limewekwa makusudi. Bila neno hilo, familia mbili zitaanza kutafuta mkosaji, na kwa kawaida lawama humwangukia binti. Kuna sababu ya kisheria pia: Sheria ya Ndoa inamruhusu mtu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, na kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Barua inayosema wazi kwamba ndoa imeahirishwa, na nani kaiahirisha, haimwachi yeyote akionekana amemkimbia mwenzake.

Tarehe ndiyo inayosahaulika zaidi. Viongozi wengi huandika "hadi hapo mtakapotaarifiwa", na maneno hayo yanaumiza kuliko kukataliwa, maana wachumba hawajui wasubiri au waachane. Kanisa Katoliki limeliwekea jambo hili mipaka katika Sheria zake za mwaka 1983. Kanuni ya 1077 inampa askofu uwezo wa kuzuia ndoa katika tukio fulani, lakini kwa muda tu, kwa sababu nzito, na kwa kipindi ambacho sababu hiyo bado ipo. Paroko hakupewa uwezo huo kwa mamlaka yake mwenyewe. Hata mchungaji asiyefungwa na sheria hizo anaweza kujipima kwa vipimo vyake: sababu yake ni nzito kweli, au hakupendezwa tu na kabila la bwana harusi?

Upole huonekana pia kwenye fedha. Ni vizuri barua ifike kabla ya tangazo la kwanza, na kabla kamati haijamlipa mpishi malipo ya mwisho. Mwenye ukumbi aombwe kusogeza tarehe, maana kurudisha kishika nafasi ni vigumu zaidi. Mchungaji anayekubali kumpigia simu mwenyekiti wa kamati yeye mwenyewe huwaondolea wachumba aibu kubwa, na simu hiyo haizidi dakika tano.

Wiki nne zile si za mahubiri. Kijana anasaidiwa kuandika deni lote kwenye karatasi, pamoja na riba na tarehe za marejesho, kisha kumwonyesha mchumba wake. Binti anaulizwa kama kadi ya benki imerudi mkononi mwake, na kama aliweza kuuliza swali la fedha bila kutishwa. Akisema amepigwa, vikao vya pamoja havifanyiki tena, naye anaelekezwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi akiwa na mtu anayemwamini. Kuwaweka meza moja na kuwataka wasameheane kungemrudisha kwenye hatari ileile.

Mchungaji hana uwezo wa kuwazuia wasioane. Wakiamua, wanaweza kutoa taarifa bomani na kufunga ndoa ya kiserikali mbele ya msajili. Ikitokea hivyo, barua haipaswi kugeuzwa silaha ya kuwatenga kanisani. Na tarehe 10 Oktoba ikifika, lazima jibu litolewe siku hiyo: harusi ipangwe upya, pengine Desemba ndugu wakiwa likizo, au muda uongezwe, nao uwe na mwisho, au uchumba uishe, mshenga aitwe, mazungumzo ya mahari yaanze. Lolote litakalotokea, barua ya pili iandikwe, fupi kuliko ya kwanza, na nakala yake apewe kila mmoja wao mkononi.