Bei Ikikosewa Kwenye Tangazo

Mwishoni mwa Desemba 2001, tovuti ya Kodak nchini Uingereza ilitangaza kamera ya kidijitali kwa pauni 100. Bei iliyokusudiwa ilikuwa pauni 329. Watu walikimbilia kuagiza, na mitambo ya kampuni ikawatumia barua pepe za kuthibitisha oda zao. Kodak ilipogundua kosa ilikataa kutoa kamera kwa bei hiyo. Wateja wakaja juu, wakishikilia kwamba oda ikishathibitishwa mkataba umefungwa, na kabla Januari haijaisha kampuni ikasalimu amri.

Kuamua nani anastahili bei iliyokosewa ndiko taarifa ya masahihisho inakoanzia, kabla hata ya kuandika neno la kwanza. Katika sheria za mikataba zenye asili ya Uingereza, zikiwemo za Tanzania na Kenya, tangazo la bei kwa kawaida huwa ni mwaliko wa kuja kununua, na mwenye duka hafungwi nalo. Lakini aliyekwisha kulipa na kupewa risiti hayuko sawa na aliyeona picha tu. Tena Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu bei, kwa hiyo kuliacha tangazo bovu liendelee kuzunguka baada ya kosa kujulikana ni kujitafutia kesi.

Chukua mfano wa duka la vyombo vya nyumbani jijini Mwanza. Jiko la gesi la plate mbili linauzwa shilingi 185,000, ila tarakimu ya kwanza imedondoka na gazeti la Jumamosi limetoka na 85,000. Hadi duka linashtuka Jumatatu asubuhi, wateja 12 wameshalipa kwa simu na kutumiwa risiti. Jiko moja linaligharimu duka 150,000, hivyo kuwapa hao 12 kwa bei ya gazetini ni hasara ya 65,000 kwa kila mmoja, jumla 780,000. Inauma, lakini inajulikana mwisho wake. Mwenye duka akate shauri hapo hapo, kwa sababu taarifa isiyosema waliolipa watafanyiwa nini itajaza simu zake kwa wiki nzima.

Taarifa nyingi huandikwa hivi: “Kutokana na hitilafu za kiuchapaji, bei ya baadhi ya bidhaa ilionekana tofauti. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.” Bidhaa ipi? Bei ipi? Nani alikosea? Msomaji anabaki na wasiwasi kwamba alitegewa bei ya chini ili avutwe dukani, na maneno ya kukwepa yanamthibitishia hivyo.

Linganisha na hii: “Tangazo letu la Jumamosi lilitaja jiko la gesi la plate mbili kwa shilingi 85,000. Bei sahihi ni shilingi 185,000. Kosa ni letu. Hatukuhakiki tangazo kabla ya kulipeleka gazetini. Aliyelipa kabla ya saa 4 asubuhi Jumatatu atapata jiko lake kwa 85,000, au atarudishiwa fedha akipenda. Aliyefika dukani kwa ajili ya tangazo hilo amwone msimamizi, atarudishiwa nauli. Samahani sana.”

Saa ya ukomo imetajwa, na hiyo ndiyo sentensi inayoepusha ubishi, kwa kuwa risiti ya simu huonyesha muda wa malipo. Nauli nayo si ukarimu wa kupitiliza. Mtu aliyepanda basi kutoka Magu akiwa na 85,000 mfukoni amepoteza siku yake, na ndiye atakayesimulia kisa hicho kwa majirani. Kinachofaa kuachwa kabisa ni kutia ofa mpya ndani ya taarifa hiyo. Msamaha ukichanganywa na biashara, mteja haoni tena msamaha.

Masahihisho yatoke kwenye gazeti lile lile, ukurasa unaoonekana kama ule wa kwanza, wala si kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Kwa picha zilizosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kuna njia nzuri: kurudisha picha ile ile ya tangazo, bei ya 85,000 ikiwa imekatwa kwa mstari mwekundu na 185,000 kando yake, ili anayetumiwa ile ya zamani aitambue. Na kabla taarifa haijatoka, keshia na wapokea simu wote wawe nayo mkononi. Keshia akijibu “mimi sijui, muulize bosi,” kazi yote ya kuiandika imeharibika pale kaunta.

Nakala moja ibandikwe mlangoni, na isiondolewe siku moja tu baadaye. Gazeti la Jumamosi husomwa kwa kinyozi hadi wiki ya pili, na mteja wa mwisho mwenye ukurasa uliokunjwa anastahili jibu lile lile alilopewa wa kwanza.