Januari si Novemba: kusoma mauzo kwa fahirisi ya msimu

Muuza madaftari akiuza katoni 300 Januari, kisha 70 Novemba, ni mwezi upi uliomwendea vizuri zaidi? Wengi watasema Januari. Lakini Januari shule zinafunguliwa, na kila mzazi ananunua. Ili kulinganisha miezi kwa haki, wataalamu wa biashara hutumia fahirisi ya msimu: namba inayoonyesha mwezi fulani huuza mara ngapi ya wastani wa mwezi.

Tuchukue duka la mfano. Mwaka 2022 liliuza katoni 1,200. Gawa kwa 12, upate wastani wa 100 kwa mwezi. Januari ya mwaka huo liliuza 240, yaani mara 2.40 ya wastani. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 110 na Januari 275, sawa na 2.50. Mwaka 2024 wastani ulikuwa 120 na Januari 312, sawa na 2.60. Wastani wa namba hizo tatu ni 2.50, na hiyo ndiyo fahirisi ya Januari.

Kila mwezi hufanyiwa hesabu hiyohiyo. Katika duka letu, Julai, muhula wa pili unapoanza, ilipata 1.50, na Novemba 0.50. Fahirisi zote kumi na mbili zikijumlishwa zinapaswa kufika 12. Zisipofika, kuna kosa la hesabu.

Sasa tukadirie 2025. Mauzo yamekuwa yakiongezeka katoni 120 kila mwaka, kwa hiyo tunatarajia 1,560, wastani wa 130 kwa mwezi. Zidisha kwa fahirisi: Januari 325, Julai 195, Novemba 65.

Turudi kwenye swali letu. Katoni 300 za Januari ukizigawa kwa 2.50 unapata 120, chini ya kiwango kilichotarajiwa. Katoni 70 za Novemba ukizigawa kwa 0.50 unapata 140. Novemba ndiyo iliyofanya vizuri.

Njia hii ina mitego miwili. Wa kwanza ni sikukuu zinazofuata mwezi mwandamo. Idd el-Fitri ya 2023 na ya 2024 ziliangukia Aprili. Ya 2025 ikaja mwishoni mwa Machi. Muuza nguo aliyetegemea fahirisi ya Aprili alichelewa kuagiza. Huyu ahesabu kwa majuma ya kabla ya Idd, si kwa miezi ya kalenda.

Mtego wa pili ni mzigo kuisha. Madaftari yakimalizika Januari 15, daftari la mauzo litaonyesha ulichouza tu, si walichotaka wateja. Fahirisi itashuka, mwakani utaagiza kidogo, na mzigo utaisha tena. Kwa hiyo, kila bidhaa inapokwisha, andika tarehe, na mwezi huo usiuingize kwenye wastani kabla ya kuurekebisha.