Kadi ya Mwenzetu Anayerudi Kazini

Mhasibu anarudi ofisini wiki moja kabla ya Krismasi, baada ya miezi mitatu ya likizo ya ugonjwa. Wenzake wanataka kumpa kadi. Waandike hivi: "Karibu tena, dada yetu. Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya, wewe na wote nyumbani. Chai ya saa nne tunakunywa pamoja."

Inatosha. "Tumekuombea upone" ni maneno ya upendo, lakini kwenye kadi yanamrudisha wodini mbele ya ofisi nzima. Kadi hupitishwa meza kwa meza, na wa kwanza akiandika habari za afya, wengine humfuata. Aanze basi mtu mwenye busara.

Pole haikwepeki kwetu, na kumnyima ni ukatili. Apewe na kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ya chini. Akitaka kusimulia, asikilizwe. Asiambiwe amepungua, wala kwamba amenawiri, maana yote mawili yanamwonyesha kuwa mwili wake umekaguliwa.

Kuna pia mchango wa sherehe. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humlipa mgonjwa mshahara kamili kwa siku 63 za mwanzo, kisha nusu kwa 63 zinazofuata. Huenda huyu anarudi akiwa na nusu mshahara. Orodha ya michango isibandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Mweka hazina amwulize pembeni, na jibu lolote libaki kwao wawili.