Kuzidisha kwa wavu: njia nyingine, hesabu ileile

Likizo iliyopita binti mmoja anayesoma shule ya msingi Marekani alikuja kumtembelea bibi yake, mwalimu mstaafu wa parokia yetu. Bibi akampa hesabu ya kuzidisha 2,746 kwa 358. Mtoto hakupanga namba moja chini ya nyingine. Alichora miraba, akaikata kwa mistari ya mshazari, akajaza tarakimu, kisha akasoma jibu pembeni mwa mchoro: 983,068.

Bibi akalihakiki kwa njia yake. Jibu lilikuwa sahihi. “Mjukuu wangu, umepata,” akasema, “lakini njia hii siielewi. Umejuaje kwamba haitakudanganya kesho?” Mtoto akajibu, “Bibi, ndivyo tulivyofundishwa.”

Swali la bibi ni la haki. Njia inayotoa jibu sahihi mara moja haijathibitika bado. Tuifuate basi hesabu hiyohiyo, hatua kwa hatua.

Njia hii si mpya. Ilichapishwa katika kitabu cha hesabu kilichotoka Treviso, Italia, mwaka 1478. Mwaka 1494 Luca Pacioli, mtawa Mfransisko na mwalimu wa hesabu, aliieleza katika kitabu chake kikubwa kilichochapishwa Venisi. Waitaliano waliiita jelosia, jina la vimia vya madirisha ya nyumba zao, kwa sababu mchoro wake unafanana navyo.

Namba ya kwanza ina tarakimu nne na ya pili ina tatu. Kwa hiyo tunachora safu nne za kwenda chini na mistari mitatu ya kwenda kulia, yaani miraba 12. Juu tunaandika 2, 7, 4, 6. Upande wa kulia, kutoka juu kwenda chini, tunaandika 3, 5, 8. Kila mraba unakatwa kwa mshazari kutoka pembe ya juu kulia hadi pembe ya chini kushoto. Kisha tunazidisha tarakimu ya juu kwa tarakimu ya pembeni: makumi ya jibu yanakaa nusu ya juu kushoto, na mamoja nusu ya chini kulia. Hapa alama ya mkwaju inasimama badala ya mshazari:

```
   2     7     4     6
  0/6   2/1   1/2   1/8    3
  1/0   3/5   2/0   3/0    5
  1/6   5/6   3/2   4/8    8
```

Angalia mraba wa kwanza juu kushoto. Mara 2 kwa 3 ni 6, lakini tumeandika 0/6. Sifuri hiyo si pambo. Inailinda 6 isiingie kwenye nusu ya makumi.

Sasa tunajumlisha kwa kufuata njia za mshazari, tukianza pembe ya chini kulia. Njia ya kwanza ina 8 peke yake: andika 8. Ya pili ina 0, 4 na 2, jumla 6: andika 6. Ya tatu inaanza kwenye 8 ya mraba wa juu kulia na kushuka kuelekea kushoto: 8, 3, 0, 3 na 6, jumla 20. Andika 0, beba 2. Ya nne ina 2, 1, 5, 2, 6 na 5, jumla 21. Ukiongeza 2 uliyobeba unapata 23. Andika 3, beba 2. Ya tano ina 1, 1, 0, 3 na 1, jumla 6. Pamoja na 2 ni 8. Ya sita ina 6, 2 na 1, jumla 9. Ya mwisho ina 0. Ukisoma kutoka kushoto unapata 0983068, yaani 983,068.

Kwa nini tunajumlisha kwa mshazari? Turudi kwenye thamani ya nafasi. Tarakimu 7 katika 2,746 ni mamia saba, na 8 katika 358 ni mamoja manane. Mara 7 kwa 8 ni 56, lakini hapa ni mamia 56, yaani maelfu 5 na mamia 6. Chukua mraba mwingine: 4 ni makumi manne, na 5 ni makumi matano. Makumi mara makumi ni mamia, kwa hiyo 20 ile ni mamia 20, yaani maelfu 2 na mamia 0. Miraba hii miwili imetokana na tarakimu tofauti, lakini yote imetoa mamia. Ndiyo maana 6 ya 56 na 0 ya 20 zimo katika njia ileile, ya tatu.

Kila unaposogea mraba mmoja kushoto, thamani inazidi mara kumi. Kila unaposhuka mraba mmoja, inapungua mara kumi. Ukifanya yote mawili, thamani inabaki palepale, na kusogea huko ndiko mshazari. Kwa hiyo kila njia inakusanya tarakimu za nafasi moja tu: ya kwanza mamoja, ya pili makumi, ya tatu mamia, na kuendelea.

Sasa tuiweke kando ya njia ya bibi. Yeye aliandika hivi:

```
    2746
   x 358
   -----
   21968
  13730
  8238
  ------
  983068
```

Chukua mstari wa chini wa wavu peke yake, ule wa 8, uujumlishe kwa mshazari. Kutoka kulia: 8; kisha 4 na 2 ni 6; 3 na 6 ni 9; 5 na 6 ni 11, andika 1, beba 1; 1 na 1 ni 2. Umepata 21,968, mstari wa kwanza wa bibi. Mstari wa 5 ukijumlishwa hivyohivyo unatoa 13,730, na wa 3 unatoa 8,238. Tena, mstari wa 5 uko juu ya ule wa 8, hivyo njia zake zinaanza nafasi moja zaidi kushoto. Huko ndiko kule “kuruka nafasi moja” tulikofundishwa shuleni.

Wote wawili wamezidisha tarakimu mara 12. Tofauti ni wakati wa kubeba. Bibi anabeba akiwa bado anazidisha, na tena anapojumlisha. Mjukuu anazidisha kwanza bila kubeba chochote, kisha anabeba mara moja tu, mwishoni. Akikosea, anaweza kurudia mraba mmojammoja, kwa kuwa yote 12 imebaki mbele ya macho. Gharama yake ni kuchora wavu, na namba zikiwa ndefu mchoro unakula karatasi.

Makosa ya kawaida ni mawili: kusahau sifuri ya mbele, na kuchora mshazari upande usio wake. Ili kukamata makosa ya kuzidisha au ya kujumlisha, tumia kipimo cha tisa. Jumlisha tarakimu za 2,746 hadi ibaki moja: 19, kisha 10, kisha 1. Za 358: 16, kisha 7. Mara 1 kwa 7 ni 7. Za jibu: 34, kisha 7. Zimelingana. Zisipolingana, kosa lipo hakika. Zikilingana, bado inawezekana tarakimu zimekaa nafasi isiyo yake, kama katika makosa hayo mawili, kwa maana kipimo hiki hakioni mpangilio. Hapo fanya kama bibi: rudia hesabu kwa njia ya pili.