Sura Moja, Vikao Viwili: Kazi ya Kukifanya Kitabu cha Sauti Kisikike Kimesomwa Mahali Pamoja

Msikilizaji wa kitabu cha sauti huvumilia mengi. Kama nyuma ya msomaji pana mvumo mdogo wa chumba, baada ya dakika moja sikio limeuzoea na haliusikii tena. Asichovumilia ni mabadiliko. Sentensi moja imesomwa Jumanne usiku, inayofuata imesomwa Jumatano mchana huku friji ikiunguruma chumba cha pili. Zinapoungana, aliyevaa hedifoni anashtuka kana kwamba mtu amefungua mlango. Hakuna neno lililokosewa, lakini hadithi imekatika.

Kitabu cha saa nane hakirekodiwi kwa siku moja. Hurekodiwa kwa vikao vingi, na baadaye msomaji hurudi kurekebisha neno hapa na sentensi pale. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuandaa sura ni kuzifanya siku hizo zote zisikike kama siku moja.

Chumba nacho kina sauti

Hakuna chumba kilicho kimya kabisa. Kuna feni ya kompyuta, umeme ndani ya vifaa, barabara ya mbali, na upepo dirishani. Mchanganyiko huo ndio sauti ya chumba, na kila kikao kina wake. Ndiyo maana kabla ya kuanza kusoma, msomaji makini huketi kwenye kiti chake, kompyuta ikiwa imewaka na maiki ikiwa palepale, akarekodi nusu dakika bila kusema neno. Haondoki chumbani, kwa kuwa hata mwili wake hunyonya sauti na kubadilisha kinachosikika.

Nusu dakika hiyo ni akiba ya kuzibia. Tuseme mbwa amebweka katikati ya pumziko la sekunde moja. Ukifuta mbweko na kuacha kimya kitupu cha kompyuta, msikilizaji husikia shimo: chumba kimezimika ghafla, kisha kimewaka. Badala yake unakata kipande cha sauti ya chumba chenye urefu uleule, kutoka kikao kilekile, unakipachika hapo, na kuzichanganya kingo zake kidogo ili kiungo kisilie. Kipande cha kikao kingine hakifai, hata kama chumba ni kilekile.

Umbali usiobadilika

ACX, huduma ya Audible ya kutengenezea vitabu vya sauti, imeweka vipimo ambavyo ni rahisi kuvifuata. Desibeli za kompyuta huhesabiwa kushuka kutoka sifuri, ambayo ndiyo dari. Wastani wa sauti ya faili, unaoandikwa RMS, uwe kati ya -23 na -18. Vilele visipande juu ya -3. Mvumo wa chumba usizidi -60.

Cha kushika hapa ni pengo. Sauti ikikaa kwenye -20 na mvumo kwenye -60, kati yake kuna desibeli 40, na pengo hilo hupatikana wakati wa kurekodi. Ukipandisha sauti kwa kompyuta, mvumo unapanda nao, sawa kwa sawa.

Chukua sura moja iliyorekodiwa kwa vikao viwili. Jumanne usiku msomaji alikaa shubiri moja kutoka kwenye maiki. Wastani wa sauti ulikuwa -26 na mvumo -68, yaani pengo la 42. Jumatano mchana alijiegemeza nyuma bila kujua, akawa shubiri mbili kutoka maiki. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya mdomo hushuka kwa takriban desibeli 6, hivyo wastani ukawa -32. Friji nayo ikapandisha mvumo hadi -62. Pengo limebaki 30.

Sasa lengo ni -20. Kipande cha Jumanne kinapandishwa kwa 6, na mvumo wake unafika -62: umepita. Cha Jumatano kinapandishwa kwa 12, na mvumo wake unafika -50: umeshindwa. Ajabu ni kwamba kabla ya kupandishwa, -62 ya Jumatano ilionekana safi. Mtu akipima mvumo kabla ya kusawazisha sauti, anajidanganya.

Tofauti si ya mvumo peke yake. Maiki nyingi za studio huongeza besi msomaji anapozikaribia. Akirudi nyuma, sauti yake inakuwa nyembamba na mwangwi wa kuta unaongezeka. Kupandisha sauti hakurudishi hayo.

Mpangilio wa kazi

Katika Audacity, programu ya bure, anza na High-Pass Filter kwenye 80 Hz. Inapunguza mngurumo wa chini ambao sikio halihitaji, ukiwemo ule wa umeme wetu wa 50 Hz, na mara nyingi hii peke yake hushusha mvumo unaopimwa. Kisha tumia Loudness Normalization, chagua RMS, uweke -20. Fanya hivyo kwa kila kikao peke yake kabla ya kuunganisha. Ukisawazisha sura nzima kwa pamoja, kikao cha chini kitabaki chini. Halafu Limiter kwenye -3.5 izuie vilele vilivyoruka, maana mtu akicheka au kupaza sauti kidogo kilele huvuka mpaka. Mwisho pima kwa ACX Check, nyongeza inayosoma vipimo vyote vitatu.

Kipimo hicho hutazama sehemu iliyotulia kuliko zote. Ukiwa umeacha kimya kitupu mahali popote, kitakisoma hicho na kukupa jibu zuri la uongo. Kwa hiyo hata mwanzo na mwisho wa faili, ambako ACX hutaka pumziko fupi, jaza kwa sauti ya chumba.

Noise Reduction nayo ipo. Unaionyesha sauti ya chumba ya kikao husika kwa Get Noise Profile, kisha unaitumia kwa kiasi. Kupunguza desibeli 6 kwa kawaida hakuumizi. Kipande chetu cha Jumatano kinahitaji 12 ili kifanane na cha Jumanne, na hapo herufi "s" na "sh" huanza kulia kama maji, na mwisho wa maneno unamezwa. Msikilizaji atachoka na ulaini huo bandia haraka kuliko mvumo wenyewe. Kipande hicho kisomwe upya.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Pima umbali wa maiki kwa shubiri kabla ya kila kikao, usiguse geini, na weka alama sakafuni pa kiti. Soma saa zilezile za siku, kwa sababu sauti ya asubuhi huwa nzito kuliko ya jioni. Sikiliza dakika mbili za mwisho za kikao kilichopita, kisha anza kwa nguvu na mwendo uleule. Na usiache kikao katikati ya aya. Ukimaliza kwenye mwisho wa sura au sehemu, tofauti ndogo iliyobaki itafichwa na pumziko.

Ukaguzi wa mwisho ufanywe kwa hedifoni, bila kutazama skrini. Weka sekunde kumi za mwisho wa sura ya tatu kando ya kumi za mwanzo wa sura ya nne, ucheze moja kwa moja. Vipimo vikiwa sawa lakini mkono wako ukakimbilia kitufe cha sauti, amini mkono.