Ukikataa ofa, piga simu kabla ya kuandika

Sisi tulio upande wa mwajiri hatuudhiki sana mwombaji anapokataa kazi. Kinachotuudhi ni kuikataa siku ya mwisho. Usaili ukienda vizuri huwa tunabaki na wawili wanaofaa. Wa kwanza anatumiwa barua ya ofa, na wa pili haambiwi lolote, jina lake linawekwa akiba mpaka mwenzake asaini. Naye hajakaa bure, anazunguka kwingine na bahasha yake. Wa kwanza akijibu Jumatano, tunampigia wa pili siku hiyohiyo. Akijibu Ijumaa jioni, huenda wa pili keshapata kazi, na sisi tunarudi kutangaza nafasi upya.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa kiwanda cha samaki Mwanza aliyepewa ofa na kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam. Mshahara ghafi ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi, na majibu yanatakiwa Ijumaa. Jumanne usiku anapiga hesabu. NSSF asilimia 10 ni 180,000, kodi ya mapato ni 314,000, na mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao bado anaulipa, unakata asilimia 15, yaani 270,000. Mkononi inabaki 1,036,000, na hapo hajalipa pango la Dar. Zaidi ya hayo, mama yake anahudhuria kliniki Bugando na hana mtu mwingine wa kumpeleka.

Kabla hajanyanyua simu, ajiulize swali moja tu: wakiniongezea, nitaenda? Kama jibu ni ndiyo, basi hana la kukataa bado. Anachohitaji ni kujadiliana, na ataje kiasi anachotaka. Kama hata wakifika 2,500,000 hatamwacha mama, basi asiutaje mshahara kabisa. Sababu inayotatulika hutatuliwa. Meneja atahangaika mpaka kwa mkurugenzi, atarudi na nyongeza, na mhasibu atalazimika ama kuikubali kazi asiyoitaka au kukataa mara ya pili, safari hii akionekana alikuwa anawachezea.

Jumatano asubuhi ampigie yule ambaye angekuwa bosi wake, kisha afisa rasilimali watu. Na kama kuna mtu aliyemuunganisha na kampuni hiyo, huyo aambiwe mapema zaidi, asije akazisikia habari kwa wenzake. Simu yenyewe haizidi dakika tatu.

“Habari za asubuhi, mkuu. Nimeitafakari ofa yenu na nimeamua sitaichukua. Mama anatibiwa huku Mwanza na mimi ndiye ninayemhudumia. Nimeona nikwambie mapema ili muendelee na mwingine.”

“Pole sana, dada. Tukikuongezea kidogo?”

“Nashukuru, mkuu, lakini si suala la mshahara.”

Hapo anyamaze. Wengi huharibu katika sekunde hizo, maana kimya kinawatisha, wanaanza kuongeza foleni za Dar, joto na shule za watoto, mpaka sababu ya kweli inafanana na kisingizio. Na kama hana mgonjwa, asimtunge. Wahasibu wa mjini wanafahamiana, na ajira mpya haifichiki. Anayekwenda kampuni nyingine aseme tu amepata nafasi inayomfaa zaidi. Kuitaja kampuni si lazima.

Barua pepe ifuate siku hiyohiyo, kwa sababu afisa anahitaji maandishi ya kuweka kwenye faili:

“Nashukuru kwa ofa ya nafasi ya mhasibu. Kama nilivyoeleza kwa simu leo asubuhi, sitaweza kuichukua kutokana na majukumu ya kifamilia yanayonibakisha Mwanza. Nilifurahia mazungumzo yetu kuhusu mfumo mpya wa hesabu za stoo, na nawatakia kila la heri katika kuukamilisha.”

Sentensi ya stoo ndiyo inayofanya akumbukwe, kwa kuwa inaonyesha alikuwa akisikiliza. Kwa makusudi sikuyaandika maneno “kwa sasa”. Afisa makini akiyaona huandika pembeni: apigiwe baada ya miezi mitatu. Yaandike ukiwa unayamaanisha.

Hayo yote ni kwa ambaye hajasaini. Aliyesaini mkataba yuko kwenye makubaliano na hakatai ofa tena, anaomba kujitoa. Asome kwanza kifungu cha notisi, na kama alipewa fedha za kuhamia, azungumzie namna ya kuzirudisha kabla hajadaiwa. Kwa aliyekwisha kuanza kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Tukirudi kwenye simu ya mhasibu, meneja akiuliza kama anamjua mwingine anayefaa, asitoe namba ya mtu papo hapo. Amuulize kwanza mwenyewe, akikubali ndipo aitume, na aitume siku hiyohiyo.