Miradi mizuri kuliko fedha: fahirisi ya faida na mgao wa mtaji

Kanuni ya kwanza anayofundishwa mtu anayepima miradi ya biashara ni fupi: mradi wowote wenye thamani halisi ya sasa iliyo juu ya sifuri unastahili kutekelezwa. Thamani hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama NPV, hupatikana kwa kuchukua fedha zote zitakazoingizwa na mradi miaka ijayo, kuzipunguza hadi thamani zilizo nayo leo, kisha kutoa gharama ya kuuanzisha. Kinachobaki ndicho utajiri unaoongezwa kwa wenye kampuni.

Kanuni hiyo ina sharti ambalo aghalabu halitajwi. Inachukulia kwamba fedha za kugharimia kila mradi mzuri zitapatikana kwa riba ileile iliyotumika kwenye hesabu. Zisipopatikana, kampuni hujikuta na miradi mitano yenye faida na fedha za mitatu tu. Hali hiyo huitwa mgao wa mtaji, na swali linabadilika. Haiulizwi tena kama mradi ni mzuri, bali ni mkusanyiko upi wa miradi unaozalisha thamani kubwa kuliko yote ndani ya fedha zilizopo.

Uchukuliwe mfano wa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, kiwanda cha kubuni chenye hesabu za kawaida. Wasimamizi wanayo miradi mitano mezani, na kiwango cha punguzo ni asilimia 15. Mashine ya kufungasha mafuta kwenye chupa inagharimu shilingi milioni 150 na inatarajiwa kuingiza milioni 61.75 kila mwaka kwa miaka mitano. Kwa thamani ya leo, mapato hayo ni milioni 53.7 kwa mwaka wa kwanza, 46.7 kwa wa pili, 40.6 kwa wa tatu, 35.3 kwa wa nne na 30.7 kwa wa tano. Jumla yake ni milioni 207, na gharama ikiondolewa inabaki NPV ya milioni 57.

Miradi mingine minne imepimwa vivyo hivyo. Mtambo wa kusafisha mafuta ghafi unagharimu milioni 400 na NPV yake ni milioni 120. Ghala la kuhifadhia mbegu, litakalokiwezesha kiwanda kununua wakati wa mavuno bei ikiwa chini, linagharimu 250 na NPV yake ni 90. Malori mawili yanagharimu 200 kwa NPV ya 64, na umeme wa jua unagharimu 100 kwa NPV ya 12. Yote mitano inafaa. Kwa pamoja inahitaji milioni 1,100, ilhali kiwanda kina milioni 600.

Njia inayowajia wengi haraka ni kuanza na mradi wenye NPV kubwa kuliko yote. Mtambo wa kusafisha mafuta unachukua 400, zinabaki 200. Ghala halienei, malori yanaenea. Fedha zote zimetumika na thamani iliyopatikana ni milioni 184. Kosa la njia hii ni kwamba inatazama ukubwa wa faida bila kuuliza faida hiyo imekula kiasi gani cha fedha iliyo adimu. Mtambo una NPV kubwa kwa sehemu kwa sababu wenyewe ni mradi mkubwa.

Fahirisi ya faida inauliza swali hilo. Thamani ya leo ya mapato yote ya mradi hugawanywa kwa gharama ya kuuanzisha. Mashine ya kufungasha ina 207 kwa 150, yaani 1.38: kila shilingi inayowekwa inarudi ikiwa na thamani ya shilingi 1.38 za leo. Vitabu vingine hugawanya NPV yenyewe kwa gharama na kupata 0.38. Mpangilio wa miradi haubadiliki kwa njia yoyote kati ya hizo, ila kwa ya kwanza mpaka wa mradi unaofaa ni 1, na kwa ya pili ni sifuri. Ripoti mbili zilizotumia njia tofauti zisilinganishwe kabla ya jambo hilo kukaguliwa.

Kwa fahirisi, mashine ya kufungasha inaongoza kwa 1.38, ikifuatwa na ghala lenye 1.36, malori 1.32, mtambo 1.30 na umeme wa jua 1.12. Mtambo uliokuwa wa kwanza sasa ni wa nne. Mashine, ghala na malori vinamaliza milioni 600 zote, na jumla ya NPV yake ni milioni 211. Fedha ni zilezile na miradi ni ileile, lakini wenye kiwanda wamepata milioni 27 zaidi kwa kubadili tu kigezo cha uchaguzi.

Kigawanyo cha fahirisi kinahitaji uangalifu zaidi ya sehemu nyingine yoyote ya hesabu, kwa maana kinapaswa kubeba fedha iliyo adimu peke yake. Tuseme muuzaji wa vifaa vya umeme wa jua anakubali kulipwa milioni 30 leo na zilizobaki baadaye, kwa masharti yanayoiacha NPV ikiwa 12 ileile. Sasa mradi unagusa milioni 30 tu za mfuko wenye kikomo. NPV kwa kila shilingi adimu ni 0.40, juu ya 0.38 ya mashine ya kufungasha, na mradi uliokuwa mkiani umepanda hadi wa kwanza. Aliyepanga mafungu ya gharama ndiye aliyeamua nafasi ya mradi, na kwa hiyo inafaa kila fahirisi inayopelekwa kwenye bodi ieleze wazi ni gharama zipi zimewekwa chini ya mstari.

Hata kigawanyo kikiwa sahihi, fahirisi ina udhaifu mmoja mkubwa. Inafanya kazi bila kasoro pale tu miradi inapoweza kukatwa vipande, kama anavyoweza mtu kulima ekari tatu badala ya nne. Robo tatu ya mtambo wa kusafisha mafuta haisafishi chochote. Katika mfano wa kwanza fahirisi ilifanikiwa kwa sababu gharama za miradi mitatu ya juu zilifikia milioni 600 kamili, na bahati ya namna hiyo ni nadra.

Fedha zikishushwa hadi milioni 550, udhaifu unaonekana. Anayefuata fahirisi anachukua mashine na ghala kwa 400. Malori hayaenei kwenye 150 zilizobaki, kwa hiyo anayaruka na kuchukua umeme wa jua. Ametumia 500, ana NPV ya 159, na milioni 50 zimelala. Lakini mtambo na mashine ya kufungasha vinagharimu 550 kamili na kutoa NPV ya 177. Jibu bora limebeba mradi wa nne kwa fahirisi na kuacha wa pili na wa tatu. Dalili ya hatari hapa ni zile fedha zilizobaki: kila mpangilio wa fahirisi unapoacha kiasi kikubwa bila kazi, ujue upo uwezekano wa mkusanyiko mwingine kuushinda.

Kwa hiyo uamuzi wa mwisho hufanywa kwa kulinganisha mikusanyiko mizima. Miradi mitano ina mikusanyiko 32 tu, ukihesabu na ule wa kutochagua chochote, na mhasibu anaweza kuikagua yote kwenye lahajedwali. Miradi kumi ina 1,024, na ishirini ina zaidi ya milioni moja, kiasi ambacho huachiwa kompyuta. Fahirisi bado ina kazi, kwa sababu inaonyesha dari ambayo hakuna mkusanyiko unaoweza kuipita. Kama malori yangekatika, milioni 550 zingenunua mashine, ghala na robo tatu ya malori, jumla ya NPV 195. Anayeshika mkusanyiko wenye 177 anajua kwamba, hata akitafuta usiku kucha, hawezi kupata zaidi ya 18 juu yake.

Hesabu hiyohiyo hupima gharama ya kikomo chenyewe. Kwa milioni 550 thamani bora ni 177, kwa 600 ni 211. Milioni 50 za nyongeza zinaleta 34, na hizo ni baada ya asilimia 15 ya gharama ya mtaji kukwisha kuhesabiwa. Kampuni katika hali hiyo inaweza kukubali mkopo wa milioni 50 wenye masharti magumu kuliko kawaida na bado ikanufaika, mradi ugumu huo usizidi milioni 34 kwa thamani ya leo.

Kutoka hapo linazuka swali la nani aliyeweka kikomo. Wakati mwingine ni soko: benki haitoi zaidi kwa sababu dhamana imekwisha, au deni lililopo ni zito. Mara nyingi zaidi, hasa kwenye kampuni kubwa, kikomo kimewekwa ndani na uongozi, ili kuzuia idara zinazokuza matarajio yao au kwa sababu wahandisi na wasimamizi waliopo hawatoshi kwa miradi yote. Kikomo cha ndani kinaweza kusogezwa, na tofauti ya 34 kwa 50 ni hoja nzito ya kukisogeza. Lakini kama kinachopungua ni wahandisi, fahirisi ya shilingi inapima kitu kisichokuwa adimu. Hapo NPV igawanywe kwa saa za wahandisi.

Ugumu mkubwa zaidi huja pale upungufu unapovuka mwaka mmoja. James Lorie na Leonard Savage wa Chuo Kikuu cha Chicago walilichambua tatizo hilo mwaka 1955, na mwaka 1963 H. Martin Weingartner alitoa kitabu kilichoonyesha namna ya kulitatua kwa mbinu ya hisabati inayotafuta jibu kubwa zaidi bila kuvunja kikomo cha mwaka wowote. Kiini chake kinaonekana palepale Singida. Tuseme kiwanda kina milioni 600 mwaka huu, na mwaka ujao hakitakuwa na fedha nyingine ila zile zitakazoingizwa na miradi iliyochaguliwa sasa. Mwaka ujao kuna nafasi ya kununua mtambo wa pili wa kukamua kwa milioni 190, wenye NPV ya 60 kwa thamani ya leo. Mashine ya kufungasha itakuwa imeingiza takriban 62 na malori 79, lakini ghala litakuwa bado linajengwa na halitakuwa limeingiza kitu. Kundi lililoshinda kwa fahirisi lina 141 mkononi na haliwezi kununua mtambo wa pili. Mtambo wa kusafisha mafuta utaingiza takriban 116 mwaka wake wa kwanza, na pamoja na malori zinapatikana 195. Zinatosha. NPV ya 184 inaongezewa 60 na kuwa 244, dhidi ya 211, na mkusanyiko ulioshindwa mwanzoni ndio unaopaswa kuchaguliwa.